Vitu Vitatu Chini ya Boneti



Picha iliyo juu ya ukurasa huu ni ya injini ya gari dogo la Kijapani, la aina tunayoiona kila siku katika maegesho ya Deira na Al Qusais. Tumeichapisha kwa ombi la baadhi ya akina mama wa jumuiya yetu waliopata leseni karibuni, ambao wametaka kujua mahali pa vitu vitatu: kijiti cha kupimia oili, tangi la maji ya rejeta, na betri.

Jarida letu ni la fotokopi, kwa hiyo picha haina rangi. Kishikio cha kijiti, ambacho aghalabu ni cha manjano, kimekuwa kijivu, na kifuniko chekundu cha betri kimekuwa cheusi. Hilo si hasara kubwa, kwani rangi hutofautiana baina ya gari na gari, na vumbi la hapa huzifunika zote. Tutafuata umbo la kila kitu, na kile kilichounganishwa nacho.

Kwanza tujue tumesimama wapi. Mpiga picha alisimama mbele ya taa, akiitazama injini. Upande wa kulia wa picha, basi, ndio upande wa kushoto wa gari, na huku Dubai ndiko uliko usukani. Sisi tuliozoea magari ya Mombasa na Dar es Salaam, yenye usukani wa kulia, hujikanganya hapa kwa urahisi.

Tuanze na betri, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Ni lile sanduku la pembe nne kwenye ukingo wa kulia wa picha, lenye vichwa viwili vya risasi juu yake. Waya wa kichwa cha kutoa hauendi mbali. Umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Kichwa cha kujumlisha ndicho chenye kifuniko, nacho ni kinene kidogo kuliko mwenzake. Unga mweupe ukiota juu ya vichwa hivyo, mwiteni fundi avisafishe. Joto la hapa hufupisha umri wa betri kuliko baridi ya nyumbani kwa Wanairobi.

Kijiti cha oili kiko katikati, baina ya injini na rejeta: pete ndogo juu ya bomba jembamba linaloshuka ndani ya injini. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, tungoje dakika kumi. Tukichomoe, tukifute kwa kitambaa, tukirudishe hadi mwisho, kisha tukichomoe tena. Kipimo cha mara ya pili ndicho cha kusadikiwa. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikiwa chini ya ile ya chini, gari lisiendeshwe kabla ya kuongezwa. Baadhi ya magari ya gia za kujiendesha yana kijiti cha pili cha geaboksi. Cha injini huwa na mchoro wa kibuyu cha oili.

Sasa tufike penye hatari. Upande wa kushoto wa picha kuna vifuniko viwili vya plastiki vinavyokaribiana. Jirani yetu mmoja aliona mshale wa joto ukipanda njiani kwenda Hatta, akasimama, akamimina chupa mbili za maji katika kile cha pembeni, akaendelea na safari. Lilikuwa tangi la maji ya kuoshea kioo. Rejeta ilibaki kavu, na kabla ya kufika injini ilikuwa imekwisha kupinda kichwa chake. Gharama ya kuitengeneza ilizidi kodi ya nyumba yake ya miezi miwili.

Kuvitofautisha, tufuate mpira. Tangi la maji ya rejeta lina mpira mwembamba unaotoka kwake hadi kwenye shingo ya rejeta, karibu na mfuniko wake wa chuma. Ubavuni lina mistari miwili, F juu na L chini. La kioo halina mpira uendao kwenye rejeta, na juu ya kifuniko chake kuna mchoro wa kioo kinachorushiwa maji. Lipo na chombo cha tatu, kidogo, karibu na kioo cha mbele upande wa dereva: hicho ni cha mafuta ya breki, wala kisitiwe maji kamwe.

Maji ya rejeta hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Mshale ukipanda barabarani, tusimame pembeni, tuzime injini, na tusiguse mfuniko wa rejeta mpaka chuma chote kipoe. Maji yaliyo ndani yana shinikizo, na hurukia uso. Tangi likishuka kila wiki, tatizo si uhaba wa maji bali mvujo, na kuongeza hakutoshi.

Yapo magari yanayoficha betri ndani ya buti, na mengine hayana kijiti kabisa. Asiyeviona afungue kitabu cha gari, kabla hajafungua kifuniko chochote.