Mtani Anapoandika: Mzaha Katika Ujumbe wa Kazini

Sentensi ya Kiswahili "Leo umewahi" ina maana tatu, na zote tatu zimo kooni mwa msemaji. Sauti ikipanda kidogo mwishoni, ni swali. Ikishuka, ni taarifa. Ikivutwa kwenye silabi ya "wa", ni kejeli kwa mtu aliyechelewa. Lugha yetu haihitaji kuupangua mpangilio wa maneno ili iulize, wala "je" si lazima, hutegemea kiimbo. Andika sentensi hiyo hiyo kwenye simu, bila alama ya kuulizia, kisha umpelekee mtu aliye chini yako kazini. Msomaji atachagua maana mwenyewe, na mara nyingi mtu anayemwogopa mkubwa wake huchagua ile inayomuuma.

Nimefundisha Kiswahili shuleni, na baadaye nikafundisha walimu watarajiwa chuoni, kwa hiyo nimesoma jumbe nyingi za wakufunzi kwa jicho la mtu anayesahihisha insha. Uliofaa zaidi kuzungumzwa hapa uliandikwa na mkufunzi kijana, Mngoni, kwa makamu mkuu wa chuo, Mhehe aliyemzidi umri kwa miaka ishirini hivi. Ulisomeka: "Mtumwa wangu, taarifa ya mazoezi ya kufundisha iko wapi? Au bado unakimbia vita?" Uliwekwa kwenye kundi la wasapu la wakufunzi wote.

Kwa msomaji asiyejua, hayo ni matusi. Kwa anayejua, ni utani wa kawaida kabisa. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na uadui huo baadaye ukageuka utani. Kila upande hudai kuwa ndio ulioshinda, na kila upande huuita mwingine watumwa. Mtani huruhusiwa kumtania mtani wake hata msibani. Huweza kulizuia jeneza lisiteremshwe mpaka apewe chochote, na waliofiwa hucheka huku machozi hayajakauka. Sharti la utani ni moja: anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa ukali ule ule, papo hapo, mbele ya watu wale wale. Cheo hakiingii. Katika chumba cha wakufunzi, wawili hao walikuwa wakiitana watumwa kila asubuhi, na makamu ndiye aliyekuwa na ulimi mkali zaidi.

Kwenye kundi mambo yalikwenda vingine. Mkuu mpya wa chuo alikuwa ametoka Kagera, hana utani na Wangoni wala Wahehe; yeye aliona kijana akimvunjia heshima makamu wake hadharani. Mkufunzi mgeni kutoka Mombasa aliliona neno "mtumwa" tu. Mtu wa pwani halisikii neno hilo kama linavyosikika Iringa. Huko ni jeraha la ukoo, na kuna familia ambazo hadi leo hunong'onewa asili yao. Naye makamu, ambaye angejibu mara moja kama angekuwa amekaa kitini mbele ya kijana, alijua kwamba mkuu wake anasoma. Akijibu kwa utani, ataonekana amekubali kuitwa mtumwa. Akinyamaza, ataonekana amekasirika. Baada ya saa kadhaa aliandika neno moja: "Sawa."

Hiyo "Sawa" yenye nukta ndiyo dalili ya kuangalia. Mswahili aliyeridhika huandika "sawasawa", "haya mtani", "sawa bwana", au hurefusha neno kwa kitu chochote. Anapoliacha peke yake na kulifunga kwa nukta, amefunga mlango. Dalili nyingine ni mtu aliyezoea kukujibu kwa "wewe" kuanza ghafla kukuita kwa cheo chako.

Kijana aliniletea ujumbe ule akiuliza kosa liko wapi, maana maneno yalikuwa yale yale ya kila siku. Kosa halikuwa katika maneno bali katika wasikilizaji: utani ni mkataba wa watu wawili, naye alikuwa ameusomea watu arobaini. Tuliuandika upya pamoja, bila kuunyang'anya ucheshi wake. Ukawa hivi: "Mtani wangu Makamu, shikamoo. Naomba taarifa ya mazoezi ya kufundisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Sisi wa Songea tumekwisha kuleta yetu, ingawa ilitubidi tuje kwa miguu."

Tazama kilichobadilika. Neno "mtani" limewaambia wote, hata mtu wa Mombasa, kwamba kinachofuata kina leseni. Cheo na shikamoo vimetangulia, hivyo mkuu hana la kulalamikia. Ombi limekaa peke yake katika sentensi isiyo na mzaha, likiwa na siku na saa. Mzaha ukichanganywa na ombi, mpokeaji hajui kama anadaiwa kazi au anachekeshwa. Mwisho, mzaha umemwangukia mwandishi mwenyewe na watu wake. Makamu amepewa nafasi ya kujibu, kwa mfano kwamba Wangoni wamezoea kutembea kwa kuwa walifika kwa kukimbia, na akijibu hivyo hapotezi kitu. "Mtumwa" tuliliacha chumbani, linakofaa.

Ni vigumu zaidi mkubwa anapotaka kumchekesha mdogo. Wengi hudhani kwamba bosi mcheshi hana hatari, lakini sharti la utani ni kujibiwa. Mkuu akimwandikia mwalimu wa mwaka wa kwanza, "Naona kitanda kimekukumbatia leo," mwalimu hawezi kumjibu, "Hata chako Ijumaa kilikukumbatia." Mzaha usio na jibu unabaki kuwa karipio lililovaa kanga. Mkubwa anaweza kujitania mwenyewe apendavyo. Uchelewaji wa mdogo na ausemee chumbani, kwa sauti.

Wenzetu wa Kenya wana shida ya namna nyingine, na si ya utani. Mkenya wengi wetu tuliofanya naye kazi huandika "Nitumie alama leo" na kuongeza kiuso cha kucheka, akiwa na moyo mweupe kabisa. Mtanzania aliyelelewa kwa "naomba unitumie" husikia amri, na kile kiuso hukiona kama dharau iliyoongezwa juu ya amri. Kinyume chake, Mkenya huisoma "naomba, kama hutajali, nilikuwa na shida kidogo" yetu mpaka katikati, asione shida yenyewe, akadhani tunamzunguka. "Naomba" moja mwanzoni, kisha jambo lenyewe, huwatosha wote wawili.

Kuhusu viuso hivyo, mimi si adui yake, ila visibebeshwe kazi ya kiimbo. Kile cha kucheka mpaka machozi nimewahi kukiona chini ya tangazo la msiba, kimewekwa na mzee aliyeyaona machozi tu. Viambishi vya udogo ni vya kuogopwa zaidi. "Kitaarifa chako" likitamkwa kwa tabasamu ni bembelezo. Likiandikwa, ni taarifa isiyofaa kitu. Ukitaka kuonyesha upole, ki- hiyo mpe kazi yako mwenyewe: "Nimeleta kitaarifa changu." Hapo hakuna atakayeisoma vibaya, isipokuwa mkuu anayetaka kurasa nyingi.