Nywele za Mheshimiwa

Ukizitazama video za kampeni na za kuwakaribisha mwaka wa kwanza hapa chuoni, zile ambazo msemaji anaonekana amesimama mbele ya jengo la utawala wakati kila mtu anajua alirekodiwa ndani ya chumba cha semina, utaona karibu wote wana vichwa vilivyochongwa kama yai. Mwenye afro amepunguzwa. Mwenye rasta ndogo zimegandana kuwa kofia. Na baada ya unyoaji wote huo, mabegani bado kuna mstari wa kijani. Mimi nina ugomvi na kazi ya namna hii. Wanaoifanya wanachukua kazi mbili tofauti na kuzimaliza kwa kitufe kimoja.

Kazi ya kwanza ni kuliondoa pazia la kijani nyuma ya mtu. Ya pili ni kuusafisha mwanga wa kijani ambao pazia lilimrudishia yule mtu. Kitambaa kikipigwa taa nacho kinakuwa taa, kinamulika mabega, masikio na nywele kwa nyuma. Kijani hicho kimo juu ya mtu mwenyewe. Ukijaribu kukitoa kwa kuzidisha kufuta pazia, unamfuta na mtu.

Muhula uliopita nililetewa faili ya waziri wa mikopo wa serikali yetu ya wanafunzi. Dada ana afro kubwa, na siku hiyo alivaa blauzi ya kitenge ya njano. Toleo la kwanza lilikuwa limehaririwa na fundi wa nje, na mheshimiwa alikuwa amegoma lisitoke. "Kaka, huyu ni nani? Mimi sijanyoa," aliniambia. Wanaoanza mwaka wa kwanza walikuwa wanaripoti Jumatatu, na ujumbe wenyewe ulihusu fomu za mkopo, kwa hiyo haukuwa wa kusubiri. Bahati nzuri faili ghafi ilikuwepo.

Nilitumia Blender kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu inaimudu. Kwenye nodi ya `Keying` unachagua rangi ya pazia, nayo inakutolea picha ya nyeusi na nyeupe, yaani maski: palipo peupe mtu anabaki, palipo peusi panatoboka. Utamu wote uko kwenye kijivu. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli ya ukingoni ina nusu nywele na nusu pazia, na maski inapaswa iwe kijivu hapo. Fundi wa kwanza inaelekea alipandisha sana `Clip Black`, namba inayosema kijivu chochote chini ya hapa kihesabiwe cheusi. Pazia lilitoka safi kabisa, na afro ikaondoka nalo. Mimi niliipandisha mpaka mikunjo ya kitambaa ilipopotea tu, nikaishia 0.1. Nikashusha `Clip White` hadi 0.9 ili uso usiwe na matobo. Nywele zikarudi zote, zikiwa za kijani kama majani ya mgomba.

Hapo ndipo wengi huogopa na kurudi kunyoa. Usirudi. `Despill Factor` niliiweka 0, nikaichukua maski peke yake, halafu nikaishughulikia rangi pembeni, kwenye picha ya awali. Kanuni ni moja tu: kijani cha pikseli yoyote kisizidi wastani wa nyekundu na bluu yake.

```
G = min(G, (R + B) / 2)
```

Nitatumia namba za 0 hadi 255 kwa kuwa ndizo tulizozoea. Pikseli moja ya ukingo wa afro ilikuwa na nyekundu 50, kijani 110, bluu 48. Wastani wa 50 na 48 ni 49, kwa hiyo kijani kinashuka hadi 49, na unapata kijivu cheusi kinachofanana na nywele. Ngozi ya bega ilikuwa 122, 118, 70, ukijani wa mgonjwa kabisa. Baada ya kanuni ikawa 122, 96, 70, kahawia ya mtu mwenye afya. Mahali ambapo kijani hakizidi wastani hapaguswi.

Sasa tazama blauzi. Njano yake ilikuwa 220, 190, 40. Wastani wa 220 na 40 ni 130, na njano iliyoshushiwa kijani hadi 130 ni chungwa. Nilipoiona nikacheka peke yangu saa saba usiku: nimemrudishia dada nywele, nikamnyang'anya nguo. Njano kwa asili ina kijani kingi, na kanuni haina namna ya kujua kipi ni cha kitambaa cha blauzi na kipi kimetoka kwenye pazia. Kwa nguo hiyo nikatumia kanuni laini zaidi, kijani kisizidi ile kubwa kati ya nyekundu na bluu. Kubwa ni 220, kijani ni 190, blauzi ikabaki kama ilivyo. Pale kwenye mshono wa bega palipofika 235 pakashuka hadi 220. Pakabaki na ungamo kidogo, nikapavumilia. Nikachora maski ya mkono kuzunguka blauzi, ndani kanuni laini, nje ile kali. Kwenye Blender ni `Separate Color`, nodi chache za `Math`, kisha `Combine Color`, na mwisho `Set Alpha` kuirudisha ile maski ya nywele.

Kuna deni moja linabaki. Kijani ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mng'ao tunaouona, hivyo ukikipunguza, ukingo unakuwa mweusi kama umepakwa wanja. Nilichukua tofauti kati ya kijani cha mwanzo na kilichobaki, nikaizidisha na picha ya jengo iliyotiwa ukungu mzito, nikajumlisha kidogo juu ya mtu. Palipokuwa pakimulikwa na pazia sasa panamulikwa na anga la nyuma yake, na dada akaonekana kweli amesimama nje.

Ukitaka kujua kama umemaliza, usikague juu ya rangi nyeusi, maana inaficha kila kitu. Weka kijivu cha kati, kuza ukingo wa nywele, kisha tembeza fremu moja moja. Nywele zikionekana zinachemka, kuna kelele ya kamera ndani ya maski, na hapo hakuna kitufe cha muujiza.

Kwa kweli sehemu ya tatizo haitibiki baada ya kurekodi. Simu nyingi huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, kwa hiyo video ya 1920 kwa 1080 ina rangi za 960 kwa 540 tu, na ukingo wa afro unatoka na ngazi ngazi. Ukirekodi 3840 kwa 2160 halafu ukapunguza nusu, kila pikseli inapata rangi yake. Na msogeze mtu mbele ya pazia, mita mbili au zaidi kama chumba kinaruhusu, pazia lipewe taa zake lenyewe. Kile chumba cha semina hakikuruhusu. Mheshimiwa alisimama karibu kukiegemea kitambaa. Hereni zake za kung'aa zilikuwa zimeakisi pazia lote kama vioo, maski ikazitoboa. Hizo niliziziba kwa mkono, fremu kwa fremu, sekunde arobaini nzima.