Kwa Hiyo?

Insha yangu kuhusu kuanzishwa kwa Hifadhi ya Ngorongoro ilikuwa na tarehe 22, zote sahihi. Nilipata alama 46 kati ya 100. Pembeni mwa karibu kila aya, mhadhiri alikuwa ameandika maneno yaleyale mawili: "Kwa hiyo?"

Nilikasirika. Swali liliuliza kwa nini Wamasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959, nami nilikuwa nimeandika kila kitu: hifadhi ya taifa ya mwaka 1951, wazee waliotia saini mapatano mwaka 1958, sheria ya 1959. Niliporudi nyumbani Karatu, niliisoma upya na kuona kwamba aya zangu ziliunganishwa na neno moja tu, "kisha". Nilikuwa nimepanga matukio kwa mfuatano, nikadhani mfuatano ni sababu.

Nikaona na jambo jingine. Baba yangu huendesha watalii kutoka Karatu hadi kreta. Rafiki yangu wa sekondari kwao ni ndani ya hifadhi, wanakofuga. Tarehe haziudhi mtu. Nilijificha nyuma yake ili nisiseme lolote ambalo mmoja wao angelikataa.

Nikaanza upya kwa sentensi moja inayoweza kupingwa: Ngorongoro ilikuwa malipo ya kuondoka Serengeti, na malipo hayo yalipunguzwa baadaye. Kuanzia hapo, kila tarehe ilibidi ijieleze. Sheria ya 1959 ilibaki, kwa sababu iliwaruhusu wafugaji kuishi na mifugo yao kando ya wanyamapori. Huo ni ushahidi wa ahadi. Kuondolewa kwa maboma chini ya kreta katikati ya miaka ya 1970 kulibaki, pamoja na marufuku ya kilimo ya 1975. Huo ni ushahidi wa kupunguzwa. Mwaka 1979, Ngorongoro ilipoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ulitoka. Ni ukweli, lakini katika hoja yangu haukuwa na kazi.

Mwaka 1992 ulinisumbua, maana kilimo kidogo kiliruhusiwa tena. Nilitamani kuufuta. Badala yake nilirekebisha hoja: malipo hayakupungua moja kwa moja; yalibanwa na kulegezwa kwa uamuzi wa Serikali, si kwa makubaliano mapya kama yale ya 1958. Tarehe iliyonipinga ndiyo iliyonilazimisha kusema jambo sahihi zaidi.

Jioni nilimsomea baba. Ile insha ya kwanza aliisikiliza mpaka mwisho akasema, "Umesoma sana, mwanangu." Safari hii alinikatiza kabla sijamaliza ukurasa wa pili.

"Hapo sikubaliani nawe," alisema. "Mashamba yangeongezeka, wanyama wangepita wapi?"

Nikachukua kalamu. Swali lake ndilo likawa aya yangu ya tano.