Pedi Zilipoacha Waya

Miaka ya PS2, pale Ngara mjini, betri ya pedi haikuwa hoja. Pedi zilikuwa na waya. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za dizeli, gridi ya taifa ikiwa bado haijatufikia, na ukizimika, mechi iliishia hapo. PS3 ndiyo iliyotutoa kwenye waya, na ndipo kaka yangu, mwenye kibanda, alipoanza kuhesabu saa za chaji.

Betri ya pedi ya PS3 ni ya 570 mAh. Ya PS4 ni 1000. Ya PS4 ikiwa mpya ilitupeleka jioni nzima. Ilipozeeka, pedi ikawa inadai chaji mechi hazijafika nusu. Kaka akaanza kununua betri za akiba Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kwenye makutano ya barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo.

Siku moja alirudi na mbili: moja imeandikwa 1000, nyingine 3000, zote umbo lile lile. Fundi simu mmoja akatuonyesha namna ya kuzijua. Alichomeka kipimo kidogo cha yuesibii kati ya chaja na pedi iliyokwisha kabisa, akasubiri ijae. Ile ya 1000 ilisoma juu kidogo ya 1000. Ile ya 3000 haikufika hata 700. Tangu hapo namba kubwa kwenye karatasi hainivutii: betri isiyoongezeka ukubwa haiwezi kubeba mara tatu. Kabla ya kununua, tazama pia pedi yenyewe. Ile yenye mstari wa taa juu ya kibao cha kugusa ni toleo la pili, na plagi ya betri yake ni ndogo kuliko ya toleo la kwanza.

Stendi ya kuchajia tuliinunua kwa sababu nyingine. Tundu la chaji lilikuwa linalegea kwa kuchomoa waya kila saa. Stendi nzuri hushika pedi kwenye tundu la chini, lile la EXT, na tundu la waya linapumzika. Pedi moja huvuta hadi ampea 0.8, kwa hiyo stendi ya pedi mbili inataka chaja ya ampea 2. Ukiipa ya ampea 1, zitachelewa kujaa.

Chini ya bati la kibanda, joto la mchana ndilo adui mkubwa wa betri. Kaka alihamishia stendi kwenye kona yenye kivuli, akapunguza mwanga wa taa ya pedi na kuweka pedi ijizime baada ya dakika 10. Betri za akiba hakuziacha tupu wala zimejaa. Alizihifadhi zikiwa na chaji nusu hivi. Iliyovimba hadi mgongo wa pedi unaachana, aliitoa taratibu bila kuitoboa, na haikurudi kwenye chaji tena.