Hesabu ya mshahara wa dada wa nyumbani: mbona 18,000 si 18,000

Leo sina programu mpya. Nina lahajedwali moja tu, lakini nadhani itawafaa wengi wenu kuliko ile posti ya mwezi jana.

Mimi na mke wangu tunaishi Nairobi, na sasa tuna mtoto mchanga. Tukaamua kuajiri dada wa kukaa naye, na atalala kwetu. Tulipomwuliza anataka mshahara wa kiasi gani, alijibu bila kusita: "Kaka, mimi nataka 18,000 mkononi. Na NSSF ilipwe kweli." Alikuwa na sababu. Mwajiri wake wa awali alimkata kila mwezi, lakini alipoangalia taarifa yake ya NSSF hakukuwa na hata senti moja.

Tuanze na sheria. Mfanyakazi wa nyumbani ni mwajiriwa kama mwingine yeyote, kwa hivyo kuna malipo matatu. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 kutoka kwake peke yake. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Ukijumlisha, yeye anakatwa 10.25 kwa mia, nawe unaongeza 7.5 juu yake.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea. Asilimia hizi huhesabiwa kwa mshahara kamili, yaani kabla ya makato, wala si kwa pesa za mkononi. Ukiandika 18,000 kwenye mkataba, dada atapokea 16,155. Wengine hujaribu kurekebisha kwa kuongeza ile 1,845 iliyopungua, wakafika 19,845. Bado si sawa, kwa sababu nyongeza yenyewe nayo inakatwa, na mkononi anapata 17,810.89. Njia sahihi ni kugawanya:

```
=18000/(1-0.1025)
```

Jibu ni 20,055.71. Sisi tuliandika 20,100 kwenye mkataba. Hesabu ya mwezi ikawa hivi: NSSF 1,206, SHA 552.75, nyumba 301.50, naye anabaki na 18,039.75. Sisi tunaongeza NSSF 1,206 na nyumba 301.50. Jumla inayotoka mfukoni mwetu ni 21,607.50. Mjue hilo kabla ya kukubaliana, si baadaye.

Fomula hii inafaa mshahara usiozidi 24,000 kwa mwezi. Ukipita hapo kodi ya mapato inaweza kuingia na mgawanyo unabadilika. Na kama dada anarudi kwake jioni, anastahili posho ya nyumba pia, nayo huingia kwenye mshahara kamili.

Usajili si mgumu ila una mpangilio. Kwanza yeye awe na PIN ya KRA, nambari ya NSSF na usajili wa SHA (anaweza kujisajili kwa simu, *147#). Kisha wewe ujisajili kama mwajiri NSSF na SHA, na kwenye iTax uongeze wajibu wa PAYE kwenye PIN yako. Hata kama dada hafikishi kiwango cha kodi, ushuru wa nyumba hupitia huko huko. Lipa yote kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewesha ushuru wa nyumba, adhabu ni asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi.

Mwisho, kumbukumbu. Watu husema, "Si nina ujumbe wa M-Pesa?" Ujumbe huo unaonyesha pesa zimetoka kwako, basi. Hausemi ni za mwezi gani, wala makato yalikwenda wapi. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aweke mkataba wa maandishi. Mkifika mahakamani bila huo mkataba, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Mimi naweka mstari mmoja kila mwezi:

```
mwezi,kamili,nssf,sha,nyumba,mkononi,mpesa,risiti
```

Safu ya mwisho ndiyo muhimu: nambari za risiti za NSSF, SHA na KRA. Naichapa nakala mbili, tunatia sahihi sote, moja anabaki nayo dada. Baada ya miezi miwili aingie kwenye akaunti yake ya NSSF alinganishe. Kama 2,412 ya kila mwezi haionekani (1,206 mara mbili), basi pesa hazikufika au nambari yake iliandikwa vibaya, na ni rahisi kurekebisha mapema kuliko baada ya miaka mitano.

Kuna anayefanya kwa njia nyingine? Nijulisheni.