Tangu mtangazaji aondoke katikati

Kwa miaka mingi niliandika matangazo ya kilimo ya kusomwa na watu. Karatasi yangu ilimfikia mtangazaji, naye akaisoma kwa lugha yetu. Niliandika "mifuko 2", yeye akasema mifuko miwili. Niliandika "8:00 a.m.", akasema saa mbili asubuhi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa anaandika nusu ya kazi yangu kwa mdomo wake, na sisi sote tuliokuwa chumbani tuliona ni kusoma tu.

Siku hizi ujumbe unaokwenda kwenye simu za wakulima wa Migori na Homa Bay naandikia sauti ya kompyuta. Kiswahili cha Kenya kina sauti kadhaa, mojawapo ni `sw-KE-ZuriNeural`, na inasikika vizuri. Lakini haijui unachokusudia, na katika Kiswahili namba haisimami peke yake. Watoto ni watatu, vijiko ni vitatu, mashimo ni matatu, siku ni tatu, ilhali kwenye karatasi zote ni 3. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, kwa hiyo ukijaribu sauti kwa "vijiko 6" utaridhika, kisha "vijiko 2" ikuangushe. Namba kubwa nazo zina mtego mwishoni: siku ishirini na moja, lakini watu ishirini na mmoja. Alama ya `say-as` inaweza kuiambia mashine kwamba hii ni namba ya kuhesabu, ila haina mahali pa kuiambia ngeli. Dawa ninayoiamini ni kuandika neno zima.

Chukua ujumbe huu wa mbolea ya kukuzia mahindi, kama ulivyotoka ofisini:

"Wk 3-4 baada ya kupanda, weka CAN kg 50 kwa ekari 1; ekari 2, mifuko 2. Mkutano Ndhiwa, 8:00 a.m."

Jichoni hauna kasoro. Masikioni, kistari cha 3-4 kinaweza kumezwa, mkulima akasikia "tatu nne" asijue ni kitu gani. "Kg" inaweza kutajwa herufi kwa herufi. Saa ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mashine ikisema "saa nane asubuhi", mama wa Ndhiwa atabaki anashangaa, maana saa nane ya kwetu ni mchana watu wakiwa wameshakula. Huo si ubovu wa matamshi, ni kumpotezea mtu siku yake.

Nauandika hivi:

"Wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, tia mbolea ya kan. Shamba la ekari moja, tia mfuko mmoja wa kilo hamsini. Shamba la ekari mbili, tia mifuko miwili. Mkutano utakuwa Ndiwa, saa mbili asubuhi."

Nimekata sentensi ziwe fupi, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudisha macho juu. CAN nimeiandika kama wakulima wanavyoitamka, kwa neno moja. DAP wao huitaja kwa herufi, basi naiandika "di ei pi". Kifupisho kinafuata mdomo wa watu, hakina kanuni moja. "K.m." na "n.k." nimeziacha kabisa, kwani nukta ya katikati inaweza kuifanya sauti itue kana kwamba sentensi imekwisha.

Majina ya mahali ni kazi nyingine. Ndhiwa ni jina la Kijaluo, na dh yake si ile ya dhahabu. Herufi d ya Kiswahili inakaribia zaidi. Homa Bay ikisomwa kwa kanuni za Kiswahili, neno la pili linapotoka. Ofisi ikitaka tahajia rasmi ibaki kwenye faili, natumia alama ya kubadilisha matamshi peke yake:

```
<sub alias="Homa Bei">Homa Bay</sub>
<sub alias="Ndiwa">Ndhiwa</sub>
```

Kwa Rang'we naangalia ritifaa yenyewe. Programu za kuandikia hupenda kuipinda, na sauti nyingine haziitambui ikishapindwa. Ng' ya ng'ombe inageuka ng ya ngoma.

Sikagui tena kwa kusoma. Nampigia mtu ambaye hajaona maandishi, nacheza sauti kupitia simu ya kawaida, si spika nzuri ya ofisini, kisha namwomba anieleze atafanya nini, kiasi gani na lini. Nikimuuliza kama ameelewa, atanijibu ndiyo kwa adabu. Akiniambia "mifuko miwili kwa kila ekari", najua sentensi mbili zimeungana masikioni mwake, nami naongeza kituo katikati, `<break time="600ms"/>`, au napanga upya maneno.

Kuna majina ambayo tahajia imenishinda. Toni ya Kijaluo haiandikiki kwa herufi hizi, na sauti ya Kiswahili haina pa kuitoa. Kwa vijiji hivyo tunarudi kwa mtangazaji: anarekodi jina la mahali na saa ya mkutano, sehemu hiyo inaunganishwa na ujumbe, na mashine inasoma yaliyobaki.