Maneno ya kuaga ya Madamu wa Kwanza

Mwisho wa mwaka huu wa masomo, shule yetu hapa Kadutu imeagana na mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza tangu Septemba 1984. Watoto wanamwita Madamu wa Kwanza, na wengi kati yenu mlijifunza a-e-i-o-u kwake. Mmeniomba niandike aliyosema siku ile, kwa kuwa wengine hamkuwepo. Nitaeleza pia namna alivyoyatayarisha, maana nilikaa naye jioni mbili akiandika, na chama chetu kitaaga watu wengine bado.

Kwanza aliandika ndani ya kaye majina ya wote aliotaka kuwashukuru. Yalifika 43. Akayaangalia, akaniambia: "Mwanangu, nikisoma haya yote, yule wa 44 niliyemsahau ataninunia mpaka Pasaka." Akayafuta, akabaki na matendo mawili tu. Alisema kama shukrani unaweza kumpa mtu mwingine bila kubadilisha neno, basi haijawa shukrani. "Aksanti kwa msaada wenu" inamwenea kila mtu, ndiyo maana haimgusi yeyote.

Kisha akasoma kwa sauti huku mimi nikiangalia saa. Mara ya kwanza tulifika dakika 19. Alikata mpaka tukabaki na 9. Hadithi moja nzuri sana aliiondoa, ya mtoto aliyekula chaki ya mwalimu. Nikamwambia hiyo itachekesha. Akajibu: "Yule mtoto leo ana bibi na watoto, na watakuwa wamekaa pale. Mwache na heshima yake. Nitajicheka mimi."

Ndivyo alivyofanya. Kwetu tunajua hotuba zinavyoanza, na salamu ndefu kwa wakubwa wote. Yeye alimsalimia Bwana Direkta, wazazi na wageni kwa sentensi moja, akawageukia watoto, kwa sababu walikuwa wamekaa chini juani na hawakuweza kungoja. Akasema:

"Watoto wangu, nani hapa amerudia darasa? Msiogope. Mimi nimekaa darasa la kwanza miaka 40, na mpaka leo hawajanipandisha la pili. Hakuna mtu katika shule hii aliyerudia kama mimi. Lakini kila mwaka nilijifunza jambo ambalo sikulijua, kwa sababu kila mwaka mlikuja na vichwa vipya."

Watoto walicheka mpaka walimu wakawanyamazisha. Akawaambia wanaweza kusimama na kunyoosha miguu, kisha akawageukia walimu wenzake.

"Mwaka 1996, tulipofungua shule tena baada ya vita kuingia mji huu, hatukuwa na chaki hata moja. Mwenzetu mmoja, ambaye leo yuko kaburini, alileta muhogo mkavu kutoka nyumbani kwake. Tuliuvunja vipande, tukaandika navyo ubaoni. Mimi nilijua hali ya nyumba yake. Kila herufi niliyoandika juma lile ilikuwa chakula cha jioni cha watoto wake."

Hapo sauti ilimkatika. Tulipokuwa tukitayarisha aliniambia kabisa kwamba atalia mahali hapo, ndiyo maana aliweka neno la kuchekesha nyuma yake, kama mtu anayeweka kiti karibu na mgonjwa. Alipanguza macho kwa kikwembe, akaendelea: "Shida ikawa moja tu. Mkigeuza mgongo, watoto wanalamba ubao. Sijaona tena darasa linalopenda kusoma namna ile."

Baadaye akaja kwetu wamama.

"Nimelipwa kwa pesa za namna tatu: zaire, halafu zaire mpya ya 1993, halafu faranga ya 1998. Namna ya nne ni maharagi. Serikali ilipokuwa haitulipi, ni ninyi mliotushika kwa ile primu ya kila mwezi. Kuna mama mmoja ambaye hakuwa na primu. Kila Jumamosi asubuhi aliweka bakuli la sombe kwenye mlango wangu, akaenda bila kubisha, ili majirani wasijue kwamba hakuwa na pesa. Sikumwambia kamwe. Leo ninamwambia: mama, nilikuona. Sombe lako lilikuwa na chumvi nyingi, lakini watoto wangu walikua nalo. Aksanti."

Hakutaja jina, na hakuangalia upande wowote. Mimi niliona wamama watatu wakipanguza machozi, na sijui ni yupi. Labda wote watatu walikuwa wakileta sombe.

Neno la malipo yake mwenyewe lilimpa kazi kubwa katika kuandika. Mnajua kwamba walimu wengi wanabaki darasani kupita umri wao, kwa sababu hawana hakika ya kupata kitu wakitoka. Yeye ametoka kwa sababu macho hayaoni tena mistari ya kaye. Alisema sentensi mbili tu: "Karatasi yangu ya kustaafu imefika, pesa yake bado. Nimelisema mara moja, na ninalifunga." Nilipomuuliza kwa nini asiseme zaidi, alijibu kwamba akinyamaza kabisa atakuwa ametudanganya, na akiongeza la tatu watu watarudi nyumbani na deni kichwani, shukrani wameiacha uwanjani.

Kisha alimwita mwalimu kijana anayechukua darasa lake, akampa lile kopo la maziwa lililojaa vifuniko vya chupa, ambavyo vizazi viwili vimejifunzia kuhesabu. Na hapo ndipo aliposema neno lililotufanya tunyamaze:

"Huyu amefundisha miaka miwili, na jina lake halijaingia bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Tangu 2019 shule ya msingi ni bure. Sisemi mrudishe primu. Ninaona mbele yangu wasichana ambao wangekuwa sokoni wakiuza mikate kama ile pesa isingeondolewa. Lakini mwalimu asiyelipwa na serikali, wala na mzazi, ataondoka kabla ya Noeli, na watoto 70 watabaki na ubao. Mimi mlinilisha. Mjue jina la huyu pia, na mjue kama amekula."

Hapo akakaa. Hakuongeza "kwa hayo machache", wala hakuaga mara ya pili. Direkta alichukua muda kabla ya kusimama.

Wamama, kwa mtu wa kwanza tutakayemwaga, tunaweza kufuata njia yake: tendo moja kwa kila kundi la watu, kicheko juu ya mwenye kusema tu, lile linalouma lisemwe kwa kifupi, na mwisho kitu cha kumwachia anayebaki. Lakini lile ombi lake si la kuhifadhi kwa siku nyingine. Septemba iko karibu, na mwalimu kijana amekwisha kuniambia kwamba dada yake anamtafutia kazi ya kuuza dukani. Ninaomba tulizungumze kwenye mkutano wa Jumapili: kila mmoja anaweza kutoa kikombe kimoja cha maharagi au unga kwa juma, bila kumgusa mzazi asiyeweza, mpaka jina lake litakapotoka?

Lile kopo liko darasani. Tulilihesabu pamoja sisi watatu: vifuniko 298. Madamu anasema zamani vilikuwa 300, na anajua vizuri nani alichukua viwili vinavyokosekana. Jina hasemi.